Roboti ya Bwawani Lazima Kwanza Ielee Sawa

Roboti ya mabomba ya plastiki inayokagua bwawa la samaki hujaribiwa kwanza kwenye pipa, mota zikiwa zimezimwa. Tuseme ina kilo 3.2, na ikizama yote husukuma kando lita 2.9 za maji, yaani kilo 2.9. Basi imezidiwa gramu 300, na itazama.

Wengi huifungia chupa tupu ya soda. Mimi sishauri. Kwenye kina cha mita 3, hewa ya chupa laini hubanwa hadi kama robo tatu ya ujazo wake, na roboti iliyokuwa ikielea huzama. Tumia kipande cha bomba gumu kilichozibwa ncha zote, kinachoinua gramu 320 baada ya kutoa uzito wake chenyewe. Kifunge juu, vyuma vya uzito viwe chini, isipinduke. Pua ikiinama, sogeza chuma nyuma kidogo kidogo.

Mota ya wima ikae katikati. Ikiwa mbele, pua huinuka au kuinama kila inapowashwa.

Zile gramu 20 za ziada usiziondoe. Roboti ikitulia karibu na tope, mota husukuma maji juu, na tope halitibuki mbele ya kamera.