Kufuta programu siyo kujitoa

Mdogo wako pale Mbweni kapata simu, anataka programu ya muziki: siku 7 bure, kisha shilingi 10,000 kila mwezi. Mueleze hivi. Kadi inaombwa mapema ili siku 7 zikiisha pesa ikatwe yenyewe, bila kuulizwa tena. Akiifuta programu, makato yanaendelea, maana malipo yamefungwa kwenye akaunti yake, si kwenye simu. Kama ni Androidi, afungue Play Store, abonyeze picha yake, Payments & subscriptions, Subscriptions, kisha Cancel subscription. Ajitoe siku ya 5. Kwa kawaida ataendelea kutumia mpaka ya 7. Arudi kuangalia: akiona bado pameandikwa tarehe ya makato yajayo, hajatoka. Akisahau miezi 6, shilingi 60,000 zimeshakwenda.