Kwa Nini Simu Ikizimwa Hukataa Kidole Chako

Simu ikiishiwa chaji usiku, asubuhi ukaichomeka na kuiwasha, haikubali kidole. Unabonyeza kwa kidole kilekile ulichokitumia jana kutwa nzima, nayo inasisitiza kwamba uingize PIN kwanza. Wengi hudhani ni usumbufu wa bure, au kwamba simu imeisahau alama ya kidole. Haijasahau. Tangu ilipozimika, picha zako, jumbe zako na majina ya watu wako yamebaki humo yakiwa yamefichwa kwa hesabu, na ufunguo wa kuyafichua haupo tayari mahali popote ndani ya simu. Ni lazima utengenezwe upya, na kidole hakiwezi kuutengeneza. Namba yako ya siri ndiyo iwezayo.

Ufunguo tunaouzungumzia ni namba ndefu mno. Kwa kawaida huwa na biti 256, na ukiuandika kwa tarakimu za kawaida unafika tarakimu 78. Hakuna kompyuta inayoweza kuubahatisha. Kila faili limefungwa kwa ufunguo wake, ufunguo huo umefungwa kwa ufunguo mwingine, na mnyororo huo unapanda hadi ufunguo wa juu kabisa. Huo wa juu hauhifadhiwi ukiwa wazi. Hupatikana kwa kuchanganya vitu viwili: namba ya siri unayoibonyeza wewe, na namba nyingine ya siri iliyochomwa ndani ya chipu kiwandani, tofauti kwa kila simu, isiyoweza kusomwa kutoka nje. Apple inasema hata yenyewe haitunzi kumbukumbu ya namba hizo za iPhone. Simu za Android za sasa nazo huifungamanisha namba ya siri ya mtumiaji na siri iliyomo ndani ya chipu.

Mchanganyiko huu una matokeo makubwa. Mwizi akiing'oa chipu ya kumbukumbu na kunakili kila kilichomo kwenye kompyuta yenye nguvu, anachopata ni takataka tupu, kwa sababu nusu ya mchanganyiko imebaki ndani ya simu. Kubahatisha namba ya siri lazima kufanyike kwenye simu ileile, jaribio baada ya jaribio. Na mtengenezaji huifanya hesabu hiyo iwe nzito kwa makusudi. Kwenye iPhone imepimwa ichukue takriban sekunde 0.08 kwa kila jaribio. Wewe unayeijua namba huhisi chochote, lakini anayebahatisha hulipia muda huo kila mara.

Tupige hesabu. PIN ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000. Kwa sekunde 0.08 kila moja, zote zinamalizika kwa chini ya dakika 14. PIN ya tarakimu sita ina uwezekano milioni moja, na hizo huisha kwa saa 22 hivi. Nywila ya herufi ndogo na tarakimu zilizochanganywa, yenye urefu wa sita tu, huhitaji zaidi ya miaka mitano na nusu. Kumbe tarakimu nne hazilindwi na hesabu hata kidogo. Kinacholinda PIN fupi ni kihesabio: simu huhesabu makosa, hukulazimisha kusubiri muda unaozidi kurefuka, na kwenye iPhone unaweza kuiagiza ifute kila kitu baada ya makosa kumi. Kihesabio kikichezewa, PIN ya tarakimu nne haifiki hata robo saa.

Jambo hili lilionekana waziwazi Marekani. Desemba 2015 watu 14 waliuawa kwa risasi huko San Bernardino, California, na wapelelezi wa FBI wakabaki na iPhone 5c ya mmoja wa washambuliaji, imefungwa kwa namba ya siri. Februari 16, 2016, mahakama iliiamuru Apple iwasaidie. Inafaa kutazama walichoomba. Hawakuomba usimbaji uvunjwe, kwa kuwa walijua hauvunjiki. Waliomba programu maalumu ya kufanya mambo matatu: kuzima ule ufutaji wa baada ya makosa kumi, kuondoa muda wa kusubiri, na kuruhusu namba ziingizwe kwa mashine badala ya kidole cha mtu. Wangepewa hayo, dakika chache zingetosha. Apple ilikataa, ikisema programu hiyo ikishakuwepo itakuwa hatari kwa kila mwenye simu ya aina hiyo. Kabla mahakama haijasikiliza mabishano, FBI ilipata msaada kwingine, na Machi 28 ikatangaza kwamba imeshaingia ndani ya simu.

Septemba mwaka huohuo, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Sergei Skorobogatov, alionyesha kwamba hata Apple haikuhitajika. Aliitoa chipu ya kumbukumbu ya iPhone 5c, akainakili, kisha kila baada ya majaribio machache akairudishia hali yake ya awali. Kihesabio cha makosa kilitegemea kumbukumbu hiyohiyo, kwa hiyo kila alipoirudisha, simu iliona kama hakuna aliyekosea. Kwa mwendo huo PIN zote za tarakimu nne zingemalizika kwa saa 40 hivi. iPhone 5s, iliyotangazwa siku moja na 5c mwaka 2013, ilikuwa tayari na sehemu ya pekee ndani ya chipu inayoshughulikia siri hizi mbali na mfumo mzima wa simu. Sehemu hiyo imeendelea kuimarishwa, na simu nzuri za leo hutunza kihesabio mahali ambapo hila ya kunakili haifiki.

Turudi kwenye kidole. Ufunguo lazima utoke uleule kila mara. Tarakimu moja ikikosewa, hakuna kinachofunguka. Kidole hakisomeki sawa mara mbili. Leo kina jasho, kesho kimechubuka, keshokutwa umekilaza upande. Kipima alama kinaweza kujibu swali moja tu: je, hiki kinafanana vya kutosha na kile kilichosajiliwa? Jibu la namna hiyo haliwezi kuzaa namba ya tarakimu 78. Kwa hiyo unapoingiza PIN baada ya kuwasha simu, ufunguo hutengenezwa, na ile sehemu salama ya chipu huushikilia. Kuanzia hapo kidole au uso hufanya kazi kama mlinzi wa geti aliyekabidhiwa ufunguo na mwenye nyumba: akikutambua anakufungulia, lakini hajui kuchonga ufunguo mwingine. Simu ikizimwa, ufunguo unapotea na mlinzi hana cha kukufungulia.

Mlinzi huyo pia hunyang'anywa ufunguo mara kwa mara. iPhone itadai namba ya siri kidole au uso ukikataliwa mara tano, au simu ikikaa saa 48 bila kufunguliwa. Kwenye Android, hata kipima kidole kilicho bora hutakiwa kumrudisha mtumiaji kwenye PIN angalau kila saa 72. Na walinzi hawalingani. Apple inakadiria kwamba kidole cha mtu mwingine kitapita mara moja katika 50,000, na uso mara moja katika milioni, isipokuwa kwa mapacha, ndugu wanaofanana na watoto wadogo. Simu nyingi za bei nafuu hutambua uso kwa kamera ya kawaida ya mbele, na baadhi yake hudanganywa kwa picha tu. Ndiyo maana kwenye simu hizo programu ya benki mara nyingi hukubali kidole na kuukataa uso.

Je, tuache alama za kidole? La hasha. Ndani ya daladala au matatu iliyojaa, hatari kubwa ni jirani anayekutazama ukibonyeza PIN kisha akakuibia simu. Kidole hakiachi cha kukariri. Tena, ukiwa na kidole huibonyezi PIN mara nyingi, kwa hiyo huna sababu ya kuing'ang'ania ile fupi. Ninachokiona ni kosa ni kusajili kidole na kuacha PIN ya 1234 au mwaka wa kuzaliwa. Miaka ya kuzaliwa ya watu wazima haizidi themanini, na anayekufahamu hahitaji majaribio kumi.

Kuna njia rahisi ya kujua kama ufunguo umo ndani ya simu au haumo. Zima simu, iwashe, usiingize PIN, kisha mwambie mtu akupigie. Italia, lakini itaonyesha namba tupu bila jina, kwa kuwa orodha ya majina bado imefichwa. Jumbe za WhatsApp hazitaonekana. Ingiza PIN mara moja, halafu ifunge tena. Sasa majina yatatokea hata kioo kikiwa kimefungwa. Maana yake sehemu kubwa ya funguo imebaki ndani ya simu inayofanya kazi, na wenye vifaa vya kitaalamu vya kuvunja simu hupendelea kuikuta katika hali hiyo. Kwa sababu hiyo iPhone zenye iOS 18, ya mwaka 2024, hujiwasha upya zikikaa siku tatu bila kufunguliwa, na Android ikaletewa utaratibu kama huo mwaka 2025. Wewe huna haja ya kungoja siku tatu. Unapoiacha simu mahali usipopaamini, izime.

Kwa fundi nako kuna la kujua. Zamani, Android nyingi hazikuwa na usimbaji, na fundi aliweza kufuta faili dogo la kufuli na picha zako zikabaki salama. Sifa ya mafundi kwamba "wanatoa loki" ilianzia huko. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 au toleo jipya zaidi lazima ziwe na usimbaji, zikiwemo za bei ya chini. Ukisahau PIN, fundi akiiflashi atakurudishia simu inayofanya kazi, lakini ufunguo wa juu umeshafutwa na picha zimekwenda nao. Vivyo hivyo bodi ikiungua: kuhamishia chipu ya kumbukumbu kwenye bodi nyingine hakusaidii, maana nusu ya mchanganyiko imekufa na ile ya kwanza. Kinga pekee ni nakala iliyohifadhiwa nje ya simu.

Kufuli la simu pia halilindi laini. Laini ikichomolewa na kuwekwa kwenye simu nyingine inafanya kazi, isipokuwa umeiwekea PIN yake yenyewe, ambayo ikikosewa mara tatu hudai PUK. Namba ya siri ya M-Pesa nayo hukaguliwa na mtandao, haihusiani na kioo chako, na isifanane na ile ya kioo.

Fungua mipangilio leo, badili tarakimu nne ziwe sita zisizo tarehe wala mwaka, hakikisha nakala ya picha zako ipo mahali pengine, ndipo uendelee kutumia kidole chako.