Jibu Zuri Linapozama Pamoja na Baya

Mama anauliza programu ya kujibu maswali kwa simu: mtoto wake anaharisha tangu jana, afanye nini? Modeli ya lugha inatoa majibu mawili. La kwanza linamwambia aendelee kumnyonyesha, ampe maji ya chumvichumvi yenye mchanganyiko maalumu kidogokidogo, na amkimbize kituo cha afya akiona macho yamebonyea au mtoto hawezi kunywa. La pili limeandikwa kwa ufasaha uleule, lakini linamshauri amnyime mtoto maji mpaka tumbo litulie. Mpimaji, yaani mtu aliyeajiriwa kulinganisha majibu, anaweka alama kwenye la kwanza. Hakuandika maelezo wala hakutoa maksi. Amesema tu kwamba hili ni bora kuliko lile.

Kuna njia mbili kubwa za kuigeuza alama hiyo iwe tabia ya modeli.

Njia ya zamani ndiyo iliyotumiwa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022 kutengeneza InstructGPT. Kwanza hufundishwa modeli ya pili, iitwayo modeli ya tuzo. Hii haiandiki kitu. Husoma swali na jibu, kisha hutoa namba moja, na kadiri jibu linavyopendeza ndivyo namba inavyokuwa kubwa. Huifunza kwa kanuni iliyoachwa na wanatakwimu Bradley na Terry tangu mwaka 1952: uwezekano kwamba jibu A litachaguliwa mbele ya B hutegemea tofauti ya alama zao. Tofauti hiyo hupitishwa kwenye sigmoidi, kanuni inayobana namba yoyote iangukie kati ya 0 na 1. Alama zikilingana, sigmoidi hutoa 0.5. Jibu bora likizidi kwa 1, hutoa 0.73. Kipimo cha kosa, ambacho wataalamu hukiita hasara, ni logi ya uwezekano huo ikiwekewa alama ya kutoa.

Modeli ya tuzo ikishakamilika, kazi iko nusu tu. Modeli ya lugha huachwa iandike majibu mapya, modeli ya tuzo ikayapa alama, na kanuni ya mafunzo iitwayo PPO ikaisukuma kuelekea alama za juu. Wakati wa kazi hiyo kwa kawaida kompyuta hubeba modeli 4: ile inayofunzwa, nakala yake ya mwanzo isiyoguswa, modeli ya tuzo, na nyingine inayokisia tuzo itakavyokuwa. Nakala ya mwanzo, tuiite modeli ya rejea, iko pale kama breki. Bila hiyo, modeli inayofunzwa hugundua udhaifu wa mtoa alama. Akiwa anapenda majibu marefu, itarefusha hata pasipo na haja, na alama zitapanda huku majibu yakizidi kuchosha.

Mwaka 2023 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Rafael Rafailov, lilionyesha kwamba modeli ya tuzo inaweza kurukwa kabisa. Njia yao inajulikana kwa kifupi cha DPO, na msingi wake ni hesabu safi. Lengo la njia ya zamani ni kupata tuzo kubwa bila kwenda mbali na modeli ya rejea. Lengo hilo lina jibu linaloweza kuandikwa kwa kalamu: modeli bora ni ile inayochukua uwezekano wa rejea na kuuongeza pale tuzo ilipo kubwa. Ukiigeuza kanuni hiyo kinyumenyume, ukiuliza tuzo gani ingeizaa modeli hii, unapata kwamba tuzo ni logi ya uwiano kati ya uwezekano wa modeli inayofunzwa na ule wa rejea, mara namba ndogo iitwayo beta. Kuna kipande kingine kinachobaki ambacho hakuna kompyuta inayoweza kukikokotoa, kwa sababu kinahitaji kujumlisha majibu yote yanayowezekana duniani. Ila kipande hicho kinategemea swali peke yake. Majibu yetu mawili ni ya swali moja, kwa hiyo tukitoa tuzo ya moja kwenye tuzo ya lingine, kinajifuta. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzuri wote wa kazi ile.

Kinachobaki ni hiki:

```
L = -log σ( β [ log π(yw|x)/πref(yw|x) - log π(yl|x)/πref(yl|x) ] )
```

Hapa x ni swali, yw ni jibu lililochaguliwa, yl ni lililokataliwa, π ni modeli inayofunzwa, πref ni rejea, na σ ni ile sigmoidi. Kanuni ya Bradley na Terry ipo palepale. Kilichobadilika ni kwamba alama haitoki tena kwa modeli nyingine, bali kwenye uwezekano ambao modeli yenyewe inalipa jibu.

Logi inaingia kwa sababu ya wingi wa maneno. Modeli hutoa uwezekano wa tokeni moja baada ya nyingine, tokeni ikiwa ni neno au kipande cha neno. Jibu zima ni zao la uwezekano huo wote, na zao la namba 40 zilizo chini ya 1 ni dogo mno. Logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, na uwiano hugeuka kuwa kutoa. Ndiyo maana kwenye programu kanuni yote huingia katika mistari miwili:

```python
tofauti = (pi_w - ref_w) - (pi_l - ref_l)
hasara = -F.logsigmoid(beta * tofauti).mean()
```

Tuipitie kwa namba. Hizi nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane. Modeli ya rejea inalipa jibu la maji ya chumvichumvi jumla ya logi -42, na jibu baya -40. Yaani kabla ya mafunzo ilikuwa ikipendelea kidogo lile la hatari. Beta ni 0.1, thamani inayotumika sana. Mwanzoni modeli inayofunzwa ni sawa na rejea, kwa hiyo tofauti ni 0, sigmoidi ni 0.5 na hasara ni 0.693. Mtu yeyote anayeendesha DPO aitafute namba hiyo kwenye hatua ya kwanza. Asipoiona, huenda amekosea kupakia rejea.

Sasa mafunzo yaende vizuri. Jibu zuri limepanda kutoka -42 hadi -37, na baya limeshuka kutoka -40 hadi -45. Logi za uwiano ni 5 na -5, tofauti yake ni 10, mara 0.1 ni 1. Hasara imeshuka hadi 0.313.

Fikiria mwisho mwingine. Jibu zuri limeshuka hadi -44, na baya limeporomoka hadi -52. Logi za uwiano ni -2 na -12. Tofauti ni 10 vilevile, na hasara ni 0.313 ileile. Lakini kushuka kwa logi kwa 2 ni kupungua kwa uwezekano mara 7 hivi. Jibu ambalo mpimaji alilichagua sasa ni gumu zaidi kutoka kinywani mwa modeli kuliko kabla ya kufunzwa, na kipimo cha kosa kinasema mambo ni shwari. Kanuni huangalia pengo tu. Haina habari na jibu zuri liko wapi.

Jambo hili hutokea mara kwa mara, hasa majibu mawili yanapofanana sana. Chukua jozi inayotofautiana kwa “mpe maji” na “usimpe maji”, na kilichobaki kimenakiliwa. Kulikandamiza jibu baya kunakandamiza pia maneno yanayoshirikiwa, na jibu zuri linavutwa chini pamoja nalo. Uwezekano uliopotea haupotei hewani. Jumla yake lazima iwe 1, kwa hiyo unahamia kwenye majibu ambayo hakuna mpimaji aliyewahi kuyaona. Huenda yakawa mazuri, huenda yakawa upuuzi. Data ya DPO haina neno juu yake.

Hapa ndipo modeli ya tuzo inapodai heshima yake. Nayo pia hufunzwa kwa pengo peke yake. Lakini baada ya hapo modeli ya lugha huandika majibu mapya na kila moja hupewa alama. Ikiteleza kwenda kwenye jibu la tatu la ajabu, jibu hilo litapimwa. DPO ya kawaida hubaki kwenye jozi zilizokusanywa kabla ya kazi kuanza, na modeli inayofunzwa haiandiki chochote njiani. Ndicho kinachoifanya kuwa nyepesi: inahitaji modeli 2 tu, na namba za rejea zinaweza kukokotolewa mapema na kuhifadhiwa. Wepesi huo ndio uliowawezesha watu wenye mashine chache kuifanya kazi hii. Ila unalipiwa kwa upofu.

Dawa ya kwanza ni kutazama namba zinazofaa. Maktaba ya TRL, inayotumika sana kwa kazi hii, huonyesha `rewards/margins` na `rewards/accuracies`, na wengi hufurahia hizo mbili zikipanda. Katika mfano wetu wa pili `rewards/margins` ingesoma 1.0 kama tu katika ule wa kwanza. Tofauti ingeonekana kwenye `rewards/chosen`: 0.5 katika hali njema, -0.2 katika hali ile nyingine. Mimi ningeitazama pamoja na `logps/chosen` kabla ya mchoro mwingine wowote. Kushuka kidogo si lazima kuwe msiba, lakini kukiendelea bila kusimama, soma majibu yenyewe kwa macho yako.

Dawa ya pili ni kuongeza kwenye kanuni kipande kinacholitazama jibu zuri peke yake. Kampuni ya Meta ilifanya hivyo mwaka 2024 ilipofunza Llama 3. Ilitumia DPO yenye beta ya 0.1, ikaongeza hasara ya kawaida ya kutabiri maneno ya jibu lililochaguliwa kwa uzito wa 0.2, ili uwezekano wa jibu hilo usishuke. Modeli ya tuzo pia ilikuwapo, ikichuja majibu ambayo modeli iliyaandika yenyewe, kwa hiyo njia mbili ninazozilinganisha ziliajiriwa katika kazi moja.

Tuipeleke dawa hiyo kwenye hesabu yetu. Jibu zuri lina tokeni 40, na tuchukue wastani kwa tokeni. Katika hali njema, 37 kwa 40 ni 0.925, mara 0.2 ni 0.185, na hasara nzima inakuwa 0.498. Katika hali ya kuzama, 44 kwa 40 ni 1.1, mara 0.2 ni 0.22, na hasara nzima inakuwa 0.533. Pengo kati ya hizo mbili ni dogo, lakini sasa mashine inaliona, na kila hatua ya mafunzo ina sababu ya kulivuta jibu la maji ya chumvichumvi kurudi juu.