Mkataba Ukinyamaza, Katuni ni ya Mteja

Wachoraji wengi wa animesheni Eldoret wanaamini kwamba kazi ni ya aliyeichora mpaka aiuze. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haisemi hivyo. Kifungu cha 31 kinaanza kwa kumpa mtunzi hakimiliki, kisha kinaweka sharti: kazi ikiwa imeagizwa na mtu asiye mwajiri wake, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wahusika wawe wamekubaliana vinginevyo. Sharti hilo halitaji malipo. Mteja anaweza kuwa bado ana deni lako na sheria ikamtambua kuwa mwenye kazi.

Hapo ndipo mikataba ya kunakili mtandaoni inapomwangusha msanii. Mingi imetungwa Uingereza, ambako mtunzi aliyeagizwa kazi hubaki na hakimiliki yake hadi aihamishe kwa maandishi. Kwa hiyo mkataba wa huko unaweza kulinyamazia suala la umiliki na msanii asipoteze kitu. Ulete mkataba huohuo Uasin Gishu, na ukimya wake unamfaidi mteja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Chama cha ushirika cha wafugaji kinaagiza animesheni ya sekunde 60 inayoonyesha namna ya kukamua kwa usafi, na mhusika mkuu ni ng'ombe anayezungumza. Bei ni shilingi 180,000: nusu kabla ya kuanza, yaani 90,000; nyingine 54,000 michoro ya matukio ikikubaliwa; na 36,000 za mwisho video ikikamilika. Kifungu cha umiliki kinaweza kusomeka hivi:

“Hakimiliki ya video itabaki kwa Msanii hadi atakapopokea malipo yote, licha ya kwamba kazi imeagizwa. Baada ya hapo, hakimiliki ya video iliyokamilika itahamia kwa Mteja. Kabla ya hapo, Mteja anaruhusiwa kuitazama kwa ajili ya kuikagua tu. Mchoro wa mhusika, rigi na faili za kazi si sehemu ya uhamisho huu.”

Sentensi ya mwisho ndiyo wateja huibishia zaidi, na wana sababu. Video ni kitu kimoja. Ng'ombe mwenyewe ni kingine, kwa kuwa mchoro wake ni kazi ya sanaa inayojitegemea. Chama kikitaka kesho kumchapisha kwenye pakiti za maziwa, kitahitaji haki ya mhusika, si ya video peke yake. Afadhali jambo hilo lisemwe mapema na liwekewe bei yake. Rigi, ile mifupa ya kidijitali inayomfanya ng'ombe atembee na kufumba macho, ni kifaa cha msanii, naye huenda akaitumia tena sehemu yake katika kazi nyingine. Mimi singeiuza ila kwa bei inayolingana na muda uliotumika kuijenga.

Uhamisho wa hakimiliki lazima uwe wa maandishi na utiwe saini na anayehamisha au kwa niaba yake. Kwa hiyo, hata kama kifungu hicho kimo mkatabani, malipo ya mwisho yakiingia msanii aandike barua ya ukurasa mmoja inayotaja jina la video, urefu wake na tarehe, kisha aisaini. Mteja makini ataidai, maana ndiyo atakayoionyesha kituo cha televisheni kikimuuliza video ni ya nani.

Kutajwa jina ni suala jingine. Kifungu cha 32 kinampa mtunzi haki ya kutambuliwa, na akiwa hai haki hiyo haihamishiki kwa mwingine, hata hakimiliki ikishauzwa. Kuna mtego, hata hivyo. Kwa kazi ya picha na sauti, sheria inamhesabu mtunzi kuwa yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza. Kijana aliyeajiriwa na studio kwa wiki mbili kuchora mandhari anaweza asiwe mtunzi wa video hiyo, ingawa ndiye mtunzi wa michoro ya mkono wake. Yeye hasa ndiye anayehitaji mkataba utaje jina lake. Maneno “msanii atatajwa” hayatoshi. Andika jina litakavyoandikwa, litakaa sekunde ngapi mwishoni, na video itakapofupishwa kuwa ya sekunde 15 litakwenda wapi. Kwa kawaida huwekwa kwenye maelezo yaliyo chini ya video. Ongeza pia ruhusa ya msanii kuionyesha kazi hiyo kwa wateja wengine, kwani video ikishakuwa ya chama, hata kuionyesha hadharani kwahitaji idhini.

Kwenye faili, ugomvi huanza na neno “video”. Mteja anadhani amenunua kila kitu. Msanii anadhani ameuza faili moja. Orodha ya mfano wetu ingekuwa fupi: faili kuu ya `.mov` katika ProRes 422 HQ, 1920×1080, fremu 25 kwa sekunde, nakala ya `.mp4` katika H.264 kwa simu na mitandao, na nakala isiyo na maandishi, sauti ya msimulizi ikiwa imetenganishwa na muziki. Hiyo ya mwisho husahaulika sana. Chama kinaanza na Kiswahili, kisha kinataka Kikalenjin, na bila nakala hiyo kazi inarudi mezani. Video ya wima ya simu, 1080×1920, nayo iandikwe peke yake na bei yake, kwa sababu ukikata tu pande za ile ya mlalo, ng'ombe anabaki bila mkia na maandishi bila herufi za mwanzo. Nakala ya kukagua iende ikiwa na nembo ya msanii katikati ya picha. Faili safi zifuate malipo.

Kuchelewa kulipa mara nyingi huanzia kwenye kuchelewa kukubali. Mwenyekiti yuko safarini, kamati haijakutana, na kwa kuwa video “haijapitishwa”, ankara haijaanza kuhesabiwa siku. Andika basi kwamba mteja ana siku 7 za kutoa maoni kwa maandishi, akinyamaza atahesabiwa amekubali, na malipo yafanyike ndani ya siku 14 baada ya hapo. Riba iwe ya kiasi, tuseme asilimia 2 kwa mwezi. Ukiweka kubwa mno, mahakama inaweza kuiona ni adhabu na kuikataa. Kwa shilingi 36,000 hiyo ni 720 kwa mwezi, pesa isiyomnyima mhasibu usingizi. Kinachomsukuma ni kujua kwamba kila siku anayoirusha video kabla ya kulipa, anatumia mali ya mtu mwingine.

Kabla ya kudai, hakikisha ankara imetolewa kupitia eTIMS, na usidhani umepunjwa pesa ikipungua kidogo. Ada ya kitaalamu ya kuanzia shilingi 24,000 kwa mwezi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo 36,000 itafika ikiwa 34,200, na zile 1,800 zinapaswa kuonekana kwenye cheti cha Mamlaka ya Mapato.

Mambo yakishindikana, deni lisilozidi shilingi 1,000,000 linapelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ipo Eldoret pia. Wakili si lazima, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Peleka mkataba uliosainiwa, ankara, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo ya awali, na ujumbe uliotumika kupeleka nakala ya kukagua ukiwa na tarehe yake. Dai liwe la pesa ya mkataba peke yake. Ubishi wa nani mwenye hakimiliki una mlango wake mwingine, na ukiuchanganya na deni utalichelewesha.