Karela Juu ya Kidonge cha Sukari

Mwaka 1979 jarida la kitabibu la Uingereza, Lancet, lilichapisha barua fupi kuhusu mwanamke mmoja mwenye kisukari. Alikuwa akimeza klorpropamaidi, kidonge cha zamani cha kushusha sukari, na sukari kwenye mkojo wake ilikuwa ikipanda na kushuka bila sababu ya kueleweka. Walipochunguza chakula chake, waandishi wa barua hiyo waliona kwamba nyakati ambazo mkojo wake ulikuwa safi zaidi ni zile alizokula mchuzi wa karela na kitunguu saumu. Hakuwa akinywa dawa ya mitishamba. Alikuwa akila chakula cha kwao.

Barua hiyo inahusu mtu mmoja tu, kwa hiyo haithibitishi mengi. Lakini imegusa jambo ambalo wauzaji wa juisi ya karela hawaligusi: mtu anayekula karela kwa ajili ya sukari, mara nyingi tayari ana vidonge tumboni. Kabla ya kuuliza kama karela inatibu, ni vyema kuuliza inakutana na kidonge gani.

Karela ni lile tunda la kijani lenye vijipele na matuta, chungu kiasi kwamba wapishi huliparuza, hulitoa mbegu, hulipaka chumvi na kulikamua kabla ya kulikaanga na vitunguu. Ndani yake watafiti wametoa vitu kadhaa vyenye uwezo wa kugusa sukari, vikiwemo charantini na protini moja inayofanana kidogo na insulini kwa kazi yake. Protini hiyo iliwahi kujaribiwa kwa kuchomwa sindano chini ya ngozi. Ukiila, tumbo linatarajiwa kuisaga kama linavyosaga protini ya maharage, ndiyo maana hata insulini yenyewe huchomwa, hainywewi. Kilichoonekana kwa panya au kwa sindano si lazima kionekane kwa mtu aliyekunywa juisi.

Kwa watu wenyewe matokeo ni ya unyenyekevu. Ufilipino, wagonjwa 40 waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu: kundi moja lilimeza vidonge vya karela mara tatu kwa siku kwa miezi mitatu, jingine vidonge visivyo na dawa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2007. Kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu, kilitofautiana kwa asilimia 0.22 tu kati ya makundi, tofauti ndogo inayoweza kutokea kwa bahati. Thailand, mwaka 2011, walijaribu dozi tatu za unga wa karela kwa wiki nne na kuzilinganisha na metfomini ya miligramu 1,000 kwa siku. Dozi mbili ndogo hazikufanya kitu cha maana. Ile ya miligramu 2,000 ilishusha sukari, ila kwa kiasi kidogo kuliko metfomini, na metfomini yenyewe ilikuwa katika dozi ya wastani. Mwaka 2012 wachambuzi wa shirika la Cochrane walikusanya tafiti nne zenye watu 479 wakaona hakuna ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza karela kama tiba ya kisukari cha aina ya pili.

Hapo msomaji mwerevu atauliza: kama karela ni dhaifu hivyo, itamshushaje mtu sukari hadi azimie?

Jibu liko katika aina ya kidonge. Metfomini hupunguza sukari inayotolewa na ini, na peke yake ni nadra kumshusha mtu kupita kiasi. Glibenklamaidi hufanya kazi kwa njia nyingine. Yenyewe huibana kongosho itoe insulini, uwe umekula au hujala, sukari yako iwe 12 au 4. Kinachomlinda anayeimeza ni mlo. Mlo ukichelewa, au ukiwa mdogo, au kitu kingine kikisaidia kusukuma sukari chini hata kwa kiasi kidogo, ulinzi huo huondoka. Tena wastani wa utafiti hauoni asubuhi moja ya mtu mmoja. Vidonge vya Ufilipino vilikuwa na kipimo kile kile kila siku, ilhali bilauri ya juisi inaweza kubeba karela moja leo na nne kesho, kubwa au ndogo, changa au iliyokomaa, na hakuna anayejua ina charantini kiasi gani.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 64 anatumia glibenklamaidi miligramu 5 asubuhi na metfomini asubuhi na jioni. Sukari yake kabla ya kula ni 8.9. Jirani anamshauri anywe juisi ya karela tumbo likiwa tupu. Saa 1 asubuhi anameza vidonge vyake, anasaga karela tatu, anachuja na kunywa. Tumbo linachafuka, jambo la kawaida kwa juisi hiyo, na chapati aliyozoea haipiti. Anakunywa chai bila sukari kwa sababu ameamua kujitunza, kisha anafua nguo. Ilipofika saa 5, binti yake anamkuta anatetemeka, shati limelowa jasho la baridi. Anamuuliza, "Mama, umekula?" na mama anajibu maneno yasiyo na mpangilio. Mashine inasoma 2.9.

Nani mkosaji hapo? Pengine karela ilichangia kidogo. Lakini kazi kubwa ilifanywa na kidonge kilichopata tumbo tupu, na aliyelifanya tumbo libaki tupu ni juisi ile. Kufua nguo nako kulitumia sukari. Ndivyo hali hizi zinavyotokea: mambo madogo matatu yanakutana asubuhi moja.

Sukari chini ya 3.9 ni ya chini kwa mtu anayetumia dawa, na chini ya 3.0 ni hatari. Dalili huanza kwa njaa ya ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio na jasho, kisha hufuata kuchanganyikiwa, ukali usio wa kawaida, degedege na kupoteza fahamu. Anayetumia dawa za presha za jamii ya atenololi au propranololi huenda asitetemeke wala asihisi moyo ukienda mbio, kwa sababu dawa hizo huficha dalili hizo. Jasho ndilo hubaki. Kwa mtu kama huyo, jasho la baridi bila joto ni sababu ya kupima mara moja.

Binti alipaswa kumpa sukari ya kawaida vijiko vitatu vya chai iliyokorogwa kwenye maji, au nusu bilauri ya soda, lakini si ile isiyo na sukari. Asubiri dakika 15, apime tena, arudie kama bado iko chini. Ikipanda, mama ale chakula halisi cha wanga. Asali kijiko kimoja na kulala havitoshi, na hapa ndipo wengi hukosea. Glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu, zaidi kwa wazee na wenye figo dhaifu, hivyo sukari iliyopandishwa saa 5 inaweza kushuka tena jioni au usiku. Mtu wa umri huo apelekwe hospitali akaangaliwe hata kama amechangamka. Kama hana fahamu, asimiminiwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu na kuwahishwa. Kwa njia, orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi kwamba glibenklamaidi haifai kwa waliozidi miaka 60. Mzazi wako wa umri huo akiwa bado anaitumia, hilo ni swali zuri la kumuuliza daktari, ukiwa na karela au huna.

Kwa nini basi watu wengi wanaapa kwamba karela imewasaidia? Wengine imewasaidia kweli, kwa njia ya sufuria. Anayeanza karela huwa ameanza pia kuacha chai ya sukari, kupunguza ugali na kutembea. Tena mtu hutafuta dawa siku sukari imepanda mno, na siku ya namna hiyo mara nyingi hufuatiwa na nafuu hata asipofanya kitu. Kutaka kujua kwa haki, zungumza kwanza na anayekuandikia dawa, usiache vidonge, ila karela kama mboga pamoja na mlo, kisha pima kabla ya kula na saa mbili baada ya mlo ule ule, siku zenye karela na siku zisizo nayo. HbA1c ipimwe baada ya miezi mitatu, kwa kuwa inasoma sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi karibu siku 120.

Wapo wasiopaswa kuijaribu hata kidogo. Wajawazito ni mmoja wao, kwa sababu protini za mbegu zake zimeharibu mimba za wanyama. Wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao si wachache katika maeneo ya malaria, waepuke mbegu hasa, kwani zina visini, kemikali ile ile inayowavunjia chembe za damu wakila maharage ya bakla. Watoto nao: maandiko ya kitabibu yana taarifa ya watoto wawili wadogo waliopata degedege na kuzimia baada ya kunyweshwa chai ya karela kabla ya kifungua kinywa.

Mimea mingine nitaipitia haraka. Uwatu una hoja inayoeleweka zaidi: mbegu zake zikilowekwa hutoa ute, na ute huo huchelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu. Tafiti nyingi zilitumia gramu kadhaa hadi makumi kwa siku, si kijiko kimoja cha kunyunyizia, na ute huo huo unaweza kuchelewesha dawa, kwa hiyo vitenganishwe kwa saa mbili hivi. Mdalasini ulichambuliwa na Cochrane mwaka 2012 katika tafiti kumi, na ushahidi haukutosha. Mlonge na mwarobaini vina sifa kubwa kuliko tafiti zake kwa binadamu. Si kwamba mmea hauwezi kuzaa dawa: metfomini ilitokana na utafiti wa kemikali ya mmea wa Ulaya uitwao Galega, na daktari Jean Sterne wa Ufaransa alichapisha matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Ila kemikali ya mmea wenyewe ilikuwa na sumu, ikabidi ibadilishwe maabara kabla haijafaa.

Na kuna unga unaouzwa kwenye makopo. Mwaka 2008 huko Singapore wagonjwa 150 walilazwa kwa sukari iliyoshuka vibaya, wanne wakafa. Hawakuwa na kisukari. Baadhi yao walikuwa wametumia dawa haramu za nguvu za kiume ambazo ndani yake kulikutwa glibenklamaidi nyingi. Mwaka 2000 mamlaka ya dawa ya Marekani nayo ilionya kuhusu vidonge vya mitishamba vya kisukari kutoka China vilivyochanganywa na dawa za viwandani bila kutajwa. Mmea wa kweli hufanya kazi polepole na kidogo. Unga wa kopo ukiishusha sukari yako kutoka 14 hadi 6 siku ile ile, usimshukuru muuzaji. Acha kuutumia, kaa na mtu anayeweza kukuangalia usiku huo, na ukienda hospitali beba kopo lenyewe pamoja na pakiti za vidonge vyako.