Utepe Mweusi Katikati ya Jivu

Karibu na Longonot na Naivasha, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, barabara zilizochongwa kwenye miteremko zimeacha kuta zenye mistari: jivu la volkeno, kokoto za pumisi, kisha mara nyingine utepe mweusi, kisha jivu tena. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akionyeshwa picha ya ukuta kama huo, huhesabu mistari na kuiita yote matabaka ya miamba. Somo la vipindi viwili, dakika 40 kila kimoja, linatosha kumwonyesha kwamba mistari hiyo haikutokea kwa njia moja.

Kazi huanza kabla ya darasa. Mwalimu hukwangua ukanda mwembamba wa ukuta kwa jembe, kwa sababu tope linaloteremshwa na mvua huupaka rangi isiyo yake. Huegemeza fimbo ya mita moja ukutani, kisha hurudi nyuma na kupiga picha akiuelekea moja kwa moja. Picha ikipigwa kutoka chini, matabaka ya juu huonekana membamba kuliko yalivyo.

Kipindi cha kwanza ni cha kuchora tu. Wanafunzi huweka karatasi angavu juu ya picha na kufuatisha mipaka: mstari mzima pale rangi inapobadilika ghafla, nukta pale inapofifia polepole. Tuseme fimbo ina sentimita 4 kwenye picha. Basi sentimita 1 ya picha ni sentimita 25 za ukuta, na utepe mweusi wenye sentimita 2 una unene wa nusu mita.

Kipindi cha pili huuliza utepe huo ni nini. Jivu lilianguka kutoka hewani, hivyo mpaka wake wa chini kwa kawaida ni mkali. Udongo hujitengeneza papo hapo, kuanzia juu kwenda chini: mizizi na mboji huutia weusi, na weusi hupungua kadiri unavyokaribia mwamba mama. Kwa hiyo utepe wenye mpaka mkali juu na mpaka uliofifia chini, wenye vishimo vya mizizi ya zamani, huenda ni udongo uliofukiwa. Hapo palikuwa uso wa ardhi, mimea ikaota, kisha volkeno ikaufunika. Utepe wenye mipaka mikali pande zote mbili na chembe zenye kingo kali huenda ni jivu jeusi tu.

Mwanafunzi huandika matukio kuanzia chini kwenda juu, na kila tukio hupata alama likiwa na ushahidi wa picha. Picha hutoa mfuatano, haitoi miaka. Haiwezi pia kuthibitisha mfinyanzi. Kwa hilo mwalimu huleta sampuli iliyoloweshwa kidogo: ikifinyangwa kuwa uzi mwembamba bila kukatika, ina mfinyanzi mwingi, jivu lisilooza humong'onyoka vidoleni.