Dibaji ikiondolewa

Mwaka 1961 Frantz Fanon alitoa kitabu tunachokijua kwa Kiswahili kama Viumbe Waliolaaniwa. Dibaji yake iliandikwa na Jean-Paul Sartre. Baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya 1967, Josie, mjane wa Fanon, alitaka dibaji hiyo iondolewe kwa sababu Sartre aliiunga mkono Israeli. Ilipoondolewa, hoja za Fanon zilibaki zote.

Hicho ndicho kipimo. Dibaji hukizungumzia kitabu kutoka nje: kimetokana na nini, na kwa nini kisomwe. Akiiandika mgeni, huweka jina lake mwishoni, mara nyingi pamoja na mahali na tarehe. Utangulizi ni mali ya mada, nao huandikwa na mwandishi mwenyewe. Humo huweka swali lake, mipaka yake na maana ya istilahi atakazozitumia. Ukiuondoa, sura ya kwanza inachechemea.

Kosa la kawaida ni kuzificha istilahi hizo kwenye dibaji, kurasa ambazo wasomaji wengi huziruka. Na ukialikwa kuandika dibaji, tafadhali kisome kitabu chote kwanza. Sifa za jumla hujulikana upesi.